Kumchagulia Mtoto Jina la Mtumiaji Lisilomtambulisha kwenye Kishikwambi cha Familia

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi ambaye nyumbani kwake kuna kishikwambi kimoja kinachotumiwa na watu kadhaa, na ambaye mtoto wake anataka kufungua akaunti ya mchezo au ya video. Karibu kila huduma ya namna hiyo humtaka anayejisajili ajaze jina la mtumiaji, yaani jina ambalo wenzake wa mtandaoni wataliona badala ya uso wake. Tunaeleza jina hilo humwambia nini mgeni anayelisoma, jinsi ya kutunga jina lisilomwambia kitu, na kwa nini kishikwambi cha familia kinaweza kuliharibu hata jina lililotungwa vizuri.

Jina la mtumiaji huonwa na nani

Wakati wa kujisajili, huduma humwuliza mtumiaji mambo mengi: tarehe ya kuzaliwa, anwani ya barua pepe au namba ya simu, nywila na jina la mtumiaji. Wazazi wengi huyachukulia yote kuwa ni mambo ya namna moja, nayo sivyo yalivyo. Tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na nywila kwa kawaida hubaki kati ya mtumiaji na huduma. Jina la mtumiaji ndilo linalotolewa nje: huonekana juu ya kichwa cha mhusika katika mchezo, kando ya kila ujumbe, kwenye orodha ya washindi, na mara nyingi katika matokeo ya kutafuta.

Tofauti hii ina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba tarehe ya kuzaliwa ya mtoto iandikwe kwa ukweli. Baadhi ya wazazi huongeza miaka wakidhani wanamficha mtoto. Kumbe tarehe hiyo ndiyo inayoifanya huduma imwekee mtoto masharti ya watoto, kama vile kuzuia ujumbe kutoka kwa asiowajua. Mtoto wa miaka 10 anayeandikwa kuwa na miaka 19 hupoteza ulinzi huo wote, wala hapati usiri wowote kwa kubadilishana nao. La pili ni kwamba ukweli huohuo usiingie hata chembe katika jina la mtumiaji. Huduma iambiwe umri. Wachezaji wenzake wasiambiwe.

Mfano: jina moja lenye habari tatu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto wa miaka 10 anayeishi Sinza, Dar es Salaam, ni pacha. Yeye ni Doto na mwenzake ni Kulwa. Anaomba ruhusa ya kufungua akaunti ya mchezo, na jina alilolitunga mwenyewe ni hili:

```
doto_sinza2015
```

Mtoto ameridhika nalo kwa sababu ni rahisi kulikumbuka. Mzazi analiona kuwa halina neno, kwa kuwa halina jina la ukoo. Tulisome sasa kama anavyolisoma mtu asiyemjua mtoto huyu.

Neno la kwanza ni jina analoitwa nyumbani. Lakini jina Doto halikomei hapo. Kwa msomaji yeyote wa Tanzania, Doto ni pacha wa pili kuzaliwa, na pacha wa kwanza ni Kulwa. Mgeni hajauliza swali lolote, naye tayari anajua kwamba mtoto huyu ana pacha, na anajua pacha huyo huenda anaitwaje. Majina yetu mengi yana tabia hiyo ya kusema zaidi ya herufi zake. Mwajuma humpa msikilizaji siku ya kuzaliwa. Majina mengi ya ukoo humpa mkoa wa asili, na pengine wilaya. Jina la kwanza peke yake, ambalo katika nchi nyingine laweza kuwa la watu wote, kwetu mara nyingi ni utambulisho wa nusu.

Neno la pili ni mahali. Sinza ni kata yenye watu wengi, na mzazi anaweza kujitetea kwamba wingi huo unatosha kumficha mtu mmoja. Ungetosha kama ungekuwa peke yake. Lakini mgeni hahitaji kujua nyumba. Kinachomtosha ni kuweza kusema jambo linalofanana na ukweli: soko lililo karibu, kituo cha daladala, shule ambayo watoto wengi wa eneo hilo husoma.

Tarakimu za mwisho ni mwaka wa kuzaliwa. Hizi ndizo zenye madhara makubwa kuliko sehemu nyingine mbili, kwa sababu ndizo zinazomhakikishia mgeni kwamba anayecheza ni mtoto. Katika mchezo wenye watu wa rika zote, mtu mwenye nia mbaya kwanza hana budi kubaini nani ni mtoto. Jina lenye 2015 limemwondolea kazi hiyo. Maneno kama «dogo», «mtoto», «binti» au «darasa la nne» hufanya kazi ileile.

Sasa tuziunganishe habari hizo tatu. Siku moja mtoto anapokea ujumbe huu kutoka kwa mtu asiyemjua: «Doto, hujambo? Mimi ni rafiki wa mama, nilikuwa naishi Sinza. Kulwa naye yuko hapo?» Mtoto aliyefundishwa kwamba asizungumze na mgeni hamwoni mgeni hapa. Anamwona mtu anayemjua yeye, anamjua pacha wake, anaujua mtaa wao na anamtaja mama. Adabu tuliyomlea nayo inamtaka amwamkie mtu mzima na kumjibu. Mtoto hatambui kwamba kila alichoambiwa kimetoka katika jina lake mwenyewe.

Hatari ya jina linalotambulisha, kwa hiyo, si kwamba mtu atafika mlangoni siku hiyohiyo. Ni kwamba linampa mgeni maneno ya kujifanya ndugu.

Kutunga jina kwa kura

Ukimwambia mtoto achague jina lingine lisilomhusu, atachagua linalomhusu. Hilo si ukaidi. Mtu yeyote anayetafuta neno haraka hulitoa katika mambo yaliyo karibu naye: jina la utani, namba ya jezi, timu, mtaa, tarakimu za mwisho za simu ya nyumbani. Kwa sababu hiyo tunashauri jina lisichaguliwe bali lipatikane kwa kura, na mtoto apewe nafasi ya kukataa asilolipenda na kupiga kura tena.

Kazi hii huchukua kama dakika 15, nayo hufanywa kabla ya kushika kishikwambi. Chukueni karatasi na kuikata vipande 20. Kwenye kila kipande andikeni jina la kitu cha kawaida kinachojulikana kila mahali: pweza, karanga, mwezi, kokoto, taa, upepo, kijiko, ngoma na mengine kama hayo. Acheni nje jina la mnyama anayefugwa nyumbani, chakula ambacho mtoto anajulikana kwa kukipenda, na kitu chochote kilichomo katika jina au nembo ya shule yake. Kunjeni vipande, vitieni katika bakuli, kisha mtoto atoe viwili.

Namba nayo ipatikane kwa njia hiyohiyo. Andikeni tarakimu 0 hadi 9 kwenye vipande kumi, mtoto atoe kimoja, akirudishe, kisha atoe cha pili. Kataeni namba iliyo chini ya 30, kwa kuwa msomaji ataidhani ni umri au tarakimu za mwisho za mwaka wa kuzaliwa. Kataeni pia namba ya nyumba, ya jezi, na yoyote inayofanana na sehemu ya namba ya simu ya mtu wa familia.

Tuseme mtoto wetu ametoa pweza na karanga, kisha 4 na 7. Jina lake linakuwa hili:

```
pweza_karanga47
```

Msomaji analipata nini hapa? Anapata kwamba mwenye jina huenda anajua Kiswahili, jambo ambalo linawahusu mamilioni ya watu katika nchi nyingi. Hapati jina, jinsia, umri, mahali wala ndugu. Mtoto naye hajapoteza kitu: jina linachekesha, linakumbukika, naye ndiye aliyelitoa bakulini kwa mkono wake.

Kabla ya kulitumia, hesabuni herufi. Kila huduma ina kipimo chake. Kwa mfano, Roblox hukubali herufi na tarakimu 3 hadi 20, na alama ya mstari wa chini mara moja tu, tena isiwe mwanzoni wala mwishoni. Jina letu lina alama 15 pamoja na mstari huo, basi linafaa.

Inawezekana huduma ikajibu kwamba jina hilo limekwisha kuchukuliwa, kisha ikapendekeza mengine. Hapa pana mtego mdogo. Mapendekezo hayo mara nyingi huundwa kwa kuunganisha alichokwisha kukiandika mtumiaji, pamoja na jina lake halisi kama liliombwa hatua iliyotangulia. Msikubali pendekezo kwa sababu tu lipo tayari. Rudini bakulini mtoe neno la tatu, kwa mfano `pwezataa_karanga47`.

Majaribio mawili kabla ya kulikubali jina

Jaribio la kwanza ni la kulisoma. Mpe jina hilo mtu mzima anayeifahamu familia yenu, jirani au shangazi, bila kumwambia ni la nani, kisha umwulize: «Unadhani hili ni jina la nani?» Akimtaja mtoto wako, au hata akisema tu kwamba ni la mtoto wa fulani, jina halifai. Jirani ni mpimaji mzuri kuliko mzazi, kwa sababu mzazi ameyazoea mambo ya nyumbani kiasi kwamba hayaoni tena kuwa ni habari.

Jaribio la pili ni la kutafuta. Kwenye simu yako, fungua kivinjari na uandike jina hilo katika sehemu ya kutafuta, likiwa ndani ya alama za kunukuu:

```
"pweza_karanga47"
```

Matokeo mazuri ni kutopata chochote. Ukikuta jina linatumiwa na mtu mwingine mahali pengine, tafuta lingine, kwani mambo ya mtu huyo yatadhaniwa kuwa ya mwanao, na ya mwanao kuwa yake. Jaribio hilo lirudiwe baada ya mwezi mmoja wa matumizi. Safari hiyo kinachotafutwa ni kitu kingine: kama jina limeanza kuonekana pamoja na picha, shule au jina halisi, ina maana kuna mahali lilipounganishwa na mtoto, na panafaa kujulikana.

Kishikwambi cha familia kinavyolifichua jina

Mpaka hapa tumeshughulikia jina lenyewe. Sasa tuingie katika chombo, kwa sababu familia nyingi hutunga jina zuri kisha zikaliona likizidiwa na jina la mzazi.

Turudi kwa familia yetu ya mfano. Kishikwambi kilinunuliwa na mama, ambaye anauza vitenge. Akaunti ya Google iliyomo ni yake. Kama walivyo wazazi wengi, anajulikana kwa majina ya watoto, na jina lake la biashara mtandaoni ni `mamakulwadoto_vitenge`. Kwenye ukurasa huo ameweka namba ya simu ili wateja wampate, mahali lilipo duka lake, na picha za siku ya kufunga shule ambamo watoto wamevaa sare. Hakuna kosa lolote katika hayo: mfanyabiashara hana budi kupatikana. Shida huanza pale akaunti ya mtoto inapogusana na ukurasa huo, na kishikwambi kina milango mitatu ya kuzigusanisha.

Mlango wa kwanza ni kitufe cha kujisajili kwa haraka. Programu nyingi huonyesha kitufe kilichoandikwa `Continue with Google` au `Sign in with Google`. Mtoto akikigusa, programu hupewa jina, picha na anwani ya barua pepe ya mwenye akaunti iliyomo kwenye kishikwambi, yaani mama. Baadhi ya programu hulichukua jina hilo moja kwa moja na kulifanya jina la kuonekana. Hapo mtoto wa miaka 10 anaanza kuzungumza na wachezaji wengine kwa jina na uso wa mama yake. Njia salama ni kuliacha kitufe hicho na kujisajili kwa kuandika jina la mtumiaji na nywila, pale huduma inaporuhusu. Anwani ya barua pepe ikihitajika, mzazi aweke yake kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kuhakikisha kwamba haionyeshwi kwa watumiaji wengine.

Mlango wa pili ni programu ambazo tayari zimefunguliwa kwa akaunti ya mzazi. YouTube ni mfano ulio karibu na kila nyumba. Tangu mwaka 2022 huduma hiyo inatumia majina yanayotanguliwa na alama ya @, na wengi ambao hawakujichagulia jina walipewa moja. Mtoto akiandika maoni chini ya video ya katuni kwa kutumia akaunti ya mama, maoni hayo hutoka kwa jina la mama. Anayetaka kujua zaidi atalinakili jina hilo na kulitafuta kwingine. Ikiwa mama anatumia jina lilelile la biashara kila mahali, namba ya simu na picha za sare zitapatikana kwa kutafuta mara moja tu.

Mlango wa tatu ni kumbukumbu ya chombo. Kibodi na kivinjari hukumbuka yaliyowahi kuandikwa, na mtoto anapofika kwenye nafasi tupu huletewa majina yaliyotumika zamani. Mtoto hugusa lililo karibu na kidole. Ndiyo maana siku ya kujisajili mzazi akae kando yake na kuhakikisha kila nafasi imejazwa kwa kuandikwa herufi kwa herufi.

Dawa inayofunga sehemu kubwa ya milango hii ni kumpa mtoto sehemu yake ndani ya kishikwambi. Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, na kila mtumiaji huwa na programu zake, akaunti zake na kumbukumbu yake. Fungua `Settings`, kisha `System`, kisha `Users`. Kwenye vishikwambi vya Samsung, `Users` hupatikana ndani ya `Accounts and backup`. Maneno haya hutofautiana kidogo kwa mtengenezaji na toleo, na baadhi ya watengenezaji wameliondoa chaguo hili. Sehemu hiyo nayo ipewe jina lisilo la mtoto. Ikihitaji akaunti ya Google, ya mtoto aliye chini ya miaka 13 hufunguliwa na mzazi kwa programu ya `Family Link`, na nafasi ya jina isijazwe majina yote matatu ya mtoto.

Kishikwambi cha iPad kinachotumika nyumbani hakina watumiaji wengi, na baadhi ya vile vya Android pia havina. Hapo panabaki mazoea: kabla ya kumpa mtoto kishikwambi, fungua programu atakayotumia na uangalie duara dogo lenye picha au herufi. Duara hilo huonyesha akaunti ya nani inatumika. Likiwa la mzazi, ondoka katika akaunti kwanza.

Watoto wawili, majina mawili

Kulwa naye atataka akaunti, na itakuwa rahisi kumpa `pweza_karanga48`. Tunashauri isiwe hivyo. Majina yanayofuatana huwatambulisha watoto kuwa ni ndugu, na kosa la mmoja humfichua mwingine: siku mmoja atakapoitaja shule, mgeni atakuwa ameijua ya wote wawili. Kila mtoto apige kura yake, na maneno yaliyokwisha kutoka yasirudi bakulini.

Kwa sababu hiyohiyo, jina moja lisitumike kila mahali. Jina la mchezo lisiwe la video, wala lisiwe la programu ya shule ambako mwalimu anahitaji kumjua mtoto kwa jina lake halisi. Majina yaandikwe katika daftari linalotunzwa na mzazi, kila jina na huduma yake. Yasibandikwe mgongoni mwa kishikwambi, kwa kuwa chombo kinachozunguka nyumba nzima huzunguka na wageni pia.

Iwapo jina baya limekwisha kutumika

Wasomaji wengi watakuwa katika hali hii. Hatua ya kwanza ni kutazama kutoka nje: chukua simu nyingine, usiingie katika akaunti ya mtoto, kisha mtafute kwa jina lake. Andika unachokiona: jina, picha, maelezo mafupi, orodha ya marafiki. Picha yenye sare ya shule iondolewe siku hiyohiyo, kwani nembo iliyo kifuani husomeka hata picha ikiwa ndogo.

Hatua ya pili ni kujua kama jina linabadilika. Huduma nyingine zina majina mawili, la mtumiaji na la kuonekana, na kubadili la pili hakuliondoi la kwanza. Katika Roblox jina la kuonekana hubadilishwa bure, lakini jina la mtumiaji hubadilishwa kwa malipo ya Robux 1,000, na jina la zamani hubaki limeambatanishwa na akaunti ileile. Kwa mtoto mwenye `doto_sinza2015`, kulipia jina jipya hakumtenganishi na la kale. Inapokuwa hivyo, akaunti mpya ni bora, ingawa atapoteza alivyovikusanya katika mchezo. Mweleze sababu waziwazi, la sivyo ataandika kwenye akaunti mpya: «Mimi ndiye yule doto_sinza2015.» Watoto hufanya hivyo ili marafiki wawapate, na sentensi hiyo moja huirudisha kazi yote mwanzo. Marafiki wa kweli waambiwe ana kwa ana, shuleni au mtaani.

Mipaka ya jina

Jina lililotungwa vizuri halimfichi mtoto kwa huduma yenyewe, ambayo inajua chombo anachotumia na, kwa makadirio, eneo alipo. Wala halimzuii mtoto kusema mwenyewe. Jina `pweza_karanga47` halina kazi tena dakika mtoto anapojibu swali «Unasoma wapi?» Kwa hiyo mfundishe jibu moja la kudumu kwa anayemwuliza jina lake halisi, umri au shule: «Hapa naitwa Pweza.» Mwenye nia njema ataridhika. Anayesisitiza amejitambulisha.

Mtoto akipata ujumbe wenye habari za nyumbani asizozitoa, asijibu, na asiufute. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la mtumaji na tarehe, mzuie mtumaji, kisha umripoti ndani ya programu. Kwa ushauri, piga simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo haina malipo. Pakiwapo vitisho, kuombwa picha au kuitwa mahali, nenda na picha hizo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa habari za mtoto zilizokusanywa au kusambazwa isivyo halali, malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022. Sheria hiyo yaweza kumlazimisha mkusanyaji kuzifuta taarifa. Haiwezi kumsahaulisha mgeni jina alilokwisha kulisoma.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto anapendekeza `simba_fan2014`. Ni sehemu ipi yenye madhara zaidi, jina la timu au tarakimu, na kwa nini?
2. Mtoto amejisajili kwa jina zuri, lakini kwenye mchezo anaonekana kwa jina la mama yake. Ni mlango upi uliotumika?
3. Dada yake anatumia `mwezi_kokoto63`. Kwa nini mdogo wake asipewe `mwezi_kokoto64`?

Majibu: (1) Tarakimu. Mashabiki wa timu hiyo ni wengi mno, wakubwa kwa wadogo, lakini 2014 humwambia mgeni kwamba huyu ni mtoto. (2) Kitufe cha kujisajili kwa haraka, kilichopeleka jina na picha ya mwenye akaunti iliyomo kwenye kishikwambi. (3) Kwa sababu majina yanayofuatana huonyesha kuwa ni ndugu, na atakalolisema mmoja litakuwa limesemwa na wote wawili.